Maumbo kwenye kente: uru, ngazi na kona kona vinasomwaje? Tumetumiwa mbili na wakwe wa Kumasi

BintiMzizima
Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu ameolewa na kijana wa Kumasi, Ghana, na wakwe wametutumia kente mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwezi ujao tunawakaribisha nyumbani Ilala. Mshereheshaji ameomba tumwandikie maelezo mafupi asome ukumbini, kwamba kila umbo kwenye kitambaa lina maana gani. Tatizo ni kwamba shangazi ametafuta mtandaoni akaja na majibu matatu juu ya umbo moja, na yote yanapingana.

Picha zimegoma kupanda, kwa hiyo naeleza. Kitambaa kimeunganishwa kwa kanda nyembamba nyingi, kila moja upana wa kiganja. Ndani ya ukanda kuna sehemu tupu yenye mistari, halafu panakuja kizuizi cha rangi kilicholala, halafu umbo, halafu kizuizi kingine, kisha mistari inarudi. Maumbo niliyoyaona ni haya: uru kama ya karata ambayo kingo zake ni ngazi ngazi, mstari wa kona kona, na pembetatu mbili zilizogusana ncha. Kingo za chini na juu zimejaa maumbo kuliko katikati.

Naomba mwenye kujua anisaidie umbo kwa umbo.

Ngosha_Mwl
Dada hongera kwa shughuli. Mimi ni mwalimu wa sanaa na somo hili huwa nalifundisha. Kente ni lugha. Njano ni utajiri na ufalme, kijani ni mazao na ukuaji, nyekundu ni damu na kujitolea, nyeusi ni ukomavu na mizimu, nyeupe ni usafi, bluu ni amani.

Kwa maumbo, kona kona inaitwa Nkyinkyim, maana yake njia ya maisha haijanyooka. Kuna Gye Nyame, yaani ila Mungu, na Sankofa, ndege anayegeuza shingo kuchukua yai mgongoni, maana yake rudi ukachukue ulichosahau. Mwambie mshereheshaji atafute chati yenye alama zote hizo, ataona kila umbo na maana yake. Ni kama kusoma alfabeti.

FundiSalma_Mwembetayari
Asalaam aleikum. Mimi nawaomba kabla hamjapeleka kwa fundi mnisikilize. Kente ya kufumwa si kitenge. Nililetewa moja nikate gauni, nikakata kukatisha kanda kama ninavyokata kitambaa chochote, nyuzi zikaanza kukimbia kabla sijainua mkasi. Dada, kama mnataka gauni la mama, fumueni mshono kati ya ukanda na ukanda, msikate katikati ya ukanda. Panapolazimika kukatwa, piteni kwanza na mashine mistari miwili, kisha overloku, ndipo mkate. Na kingo zile za mwisho zenye maumbo mengi ziacheni ziwe pindo la chini, msizipoteze ndani ya mshono.

BintiMzizima
Ahsante sana dada Salma, ila hatukati. Wamesema yavaliwe kwa kujitanda hivyo hivyo. Nakuhifadhia ushauri kwa siku nyingine.

Mwl, hao ndege na Gye Nyame sijawaona kabisa kwenye kitambaa chetu. Nimepekua kanda zote.

MzaramoWaKumasi
Binti, hongereni. Niko Kumasi kwa masomo ya nguo, na Bonwire, kijiji cha wafumaji, ni mwendo mfupi kwa daladala zao. Wikendi nyingi nazimalizia huko kwenye mabanda ya kufumia.

Kabla sijasema neno juu ya uru wala pembetatu, nakuuliza. Nenda kwenye sehemu ile tupu, isiyo na umbo wala kizuizi. Mistari yake ni ya rangi gani, na imepangwaje? Nitajie rangi inayotawala kwanza, kisha mistari myembamba.

Ngosha, ndege na Gye Nyame ni alama za adinkra. Hizo asili yake ni kupigwa chapa kwa wino juu ya kitambaa, kwa muhuri wa kibuyu. Siku hizi wapo wanaozifuma kwenye kente, hasa zile skafu za mahafali, ndiyo maana chati nyingi zinachanganya vitu viwili. Lakini kitambaa cha Binti hakina hata moja, kwa hiyo chati ile itampotosha.

BintiMzizima
Nimekwenda na tochi. Ya baba: rangi inayotawala ni nyekundu iliyoiva, kama damu ya mzee, na ndani yake kuna mistari myembamba ya njano na ya kijani. Ya mama ni ileile ila maumbo ni machache zaidi.

Lakini mkuu, kwa nini unauliza mistari? Mimi nimeuliza maumbo.

MzaramoWaKumasi
Nimeuliza mistari kwa sababu mfumaji wa Bonwire ukimwonyesha kitambaa na kumuuliza jina lake, mara nyingi macho yake yanakwenda huko kwanza. Jina kubwa la kente za Waasante linakaa kwenye mtande, yaani nyuzi zilizotandazwa kwa urefu kabla hajaanza kufuma. Maumbo yana majina yake pia, wao huyaita adwini, lakini maumbo yaleyale yanaweza kuwekwa juu ya mtande huu au ule. Ukibadilisha uru ukaweka kona kona, kwa wengi jina la kitambaa linabaki. Ukibadilisha mpangilio wa mistari, umefuma kitambaa kingine.

Kwa uliyoyaeleza, nyekundu iliyoiva yenye njano na kijani, wengi hapa watakwambia hiyo ni Oyokoman. Oyoko ni ukoo ambao Asantehene, mfalme wa Waasante, anatoka. Ni mtande wa heshima kubwa. Wakwe hawakuwatumia kitu cha mtaani.

Sasa maumbo. Naomba nieleze yanavyotengenezwa, maana bila hapo utayumba kila ukisoma mtandao.

Mfumaji anakaa, na nyuzi za mtande zinatoka mbele yake mbali, mwisho wake umefungwa kwenye ubao uliolemewa jiwe. Anavyofuma na kukunja ukanda, jiwe linaburutika kumfuata. Ana namna mbili za kunyanyua nyuzi. Ya kwanza inanyanyua uzi mmoja mmoja, mmoja juu mmoja chini. Nyuzi za mtande zimebanana sana, kwa hiyo uzi anaoupitisha kwa upana unafunikwa, huuoni. Unachoona ni mistari tu. Hiyo ndiyo sehemu yako tupu.

Namna ya pili inanyanyua mafungu, kwa kawaida nyuzi sita kwa pamoja. Hapo uzi wa upana anaupiga kwa nguvu hadi unafunika mtande wote. Mistari inapotea, panakuwa na kizuizi cha rangi moja kilicholala. Mistari haijakatika, imo humohumo chini. Pitisha kidole pembeni mwa kizuizi utaona inatokea tena upande wa pili pale ilipoachia.

Umbo lenyewe linatokana na uzi wa ziada unaopita juu ya sehemu tupu, ukiruka fungu na kuzama chini ya fungu. Na kwa kuwa unahama fungu zima kwa mara moja, hauwezi kuchora mstari ulioinama kwa ulaini. Unapanda fungu, unakaa, unapanda fungu. Ndiyo maana uru yako ina ngazi. Hata mfumaji akitaka kutengeneza gamba la konokono, ambalo kwa asili ni duara, litatoka na ngazi.

Hapo ndipo penye jibu la majibu matatu ya shangazi. Kitanda cha kufumia kinaruhusu maumbo machache: pembetatu, uru, kona kona, vizuizi, na mchanganyiko wake. Lakini watu wana vitu vingi vya kuvipa majina: konokono, mzinga wa vita, ngao, kigae cha chungu, upanga. Majina ni mengi kuliko maumbo. Umbo moja linabeba majina mawili au matatu kutegemea rangi zake, vizuizi vilivyo pembeni yake, na banda gani limefuma.

Ngosha_Mwl
Nakubaliana na suala la adinkra. Lakini mkuu, hapo mwisho unataka kusema maumbo hayana maana? Nkyinkyim ipo, nimeiona imeandikwa. Na rangi zile zimechapishwa kila mahali.

MzaramoWaKumasi
Maana ipo, mwalimu. Ninachopinga ni neno lako alfabeti. Alfabeti a ni a popote ilipo.

Chukua vizuizi vya Binti. Vile vilivyolala kwa safu, rangi moja baada ya nyingine, huitwa babadua. Hilo ni jina ambalo utalisikia karibu kila banda. Babadua ni mmea wa bua gumu lenye vifundo, watu waliujengea kuta na kuezekea. Ukivitazama vizuizi vimepangana, unaona vifundo vya bua. Basi watu husoma hapo ugumu, uimara wa vitu vilivyofungwa pamoja. Usomaji huu Binti anaweza kuusema ukumbini bila wasiwasi.

Kona kona nayo, kusoma njia ya maisha yenye kupinda ni jambo la kawaida na hakuna Mghana atakayekushangaa.

Uru na pembetatu zilizogusana ncha ndipo nasita. Uru nimesikia ikisomwa ngao, nimesikia ikisomwa jicho. Pembetatu mbili nimesikia mzinga, apremoo, na mzee mwingine banda la jirani akasema hapana, mzinga haukai hivyo. Wote ni wafumaji tangu utoto. Kwa hiyo mimi nisingemwandikia mshereheshaji kwamba uru maana yake ni hii.

Kuhusu rangi, orodha yako wengi wanaitumia, hata wauzaji wenyewe humsomea mgeni. Lakini ukikaa na mfumaji akichagua nyuzi, utamsikia akisema hii inaua ile, hii inaifanya ile iwake. Anapanga ili kitambaa kionekane kwa mbali mtu akiwa amejitanda kwenye hadhara. Na nyekundu na nyeusi hapa ndizo rangi za msiba, ilhali Oyokoman nyekundu inavaliwa kwenye sherehe kubwa. Rangi peke yake haikwambii kitu mpaka ujue kitambaa gani na siku gani.

Nyekundu hiyo ina historia. Pamba ya nyumbani zamani ilikuwa nyeupe, na ya kutiwa nili. Karne ya 18, wakati wa mfalme Opoku Ware, hariri na nguo za nje zilinunuliwa pwani zikafumuliwa uzi kwa uzi, ndipo nyuzi hizo zikafumwa upya. Rangi kali zilikuwa ghali, na mwenye nazo alijulikana.

Kalala_Lshi
Bonjour ndugu zangu, niko Lubumbashi lakini baba yetu ni mtu wa Kasaï. Kwetu kuna nguo ya Wakuba, ile ya majani ya mrafia. Wanaume ndio wanaofuma, wanawake wanatia nakshi kwa sindano na kukata nyuzi iwe laini kama mahameri. Nayo yote ni uru, kona kona, na mistari iliyopishana kama fundo.

Wazee wetu wanasimulia kwamba mnamo miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki. Mashine haikumshangaza. Alichokipenda ni alama ya tairi kwenye mchanga, akaagiza inakiliwe, ikawa na jina lake. Basi leo ukiona nakshi ile unaweza kusema ni kitu cha kale chenye maana ya kina, kumbe ni tairi. Mimi nilimpelekea mama mkubwa wangu kipande kimoja akataja jina, shemeji yake akataja lingine, na wote wametia nakshi hiyo maisha yao yote.

Swali langu: ile kente ya Waewe inasomwa namna moja na hii ya Kumasi?

MzaramoWaKumasi
Kalala, ahsante kwa hiyo ya tairi.

Waewe wako upande wa mashariki ya Ghana na Togo. Kitambaa chao ni ukanda hivyohivyo, lakini wao mara nyingi hufuma picha unazozitambua: mnyama, mkono, kigoda, mtu. Hapo mfumaji anataka uone, kwa hiyo kusoma umbo kwa umbo kunaingia akilini zaidi. Na uzi wao wa upana mara nyingi ni wa rangi mbili zilizosokotwa pamoja, unaonekana una madoa. Binti kasema uru na pembetatu tu na rangi safi, kwa hiyo yake ni ya upande wa Kumasi.

BintiMzizima
Wakuu, mmenitia kwenye moto. Nimemwambia shangazi kwamba ni Oyokoman, akaenda kutafuta. Amerudi anasema jina kamili ni Oyokoman ogya da mu, yaani taifa la Oyoko lina moto ndani, na kwamba ni habari ya vita vya ndugu! Sasa anasema wakwe wametutumia kitambaa cha ugomvi, kwa nini? Anataka baba asikivae.

Mzaramo, ni kweli?

MwanaharusiWaNgambo
Nisamehe kuingilia. Sisi Unguja mtu akikupa kanga unasoma jina kwanza, maana kanga ina maneno yake pale chini na aliyekupa kayachagua. Ukipewa kanga yenye kijembe, umepigwa kijembe. Kama jina la kitambaa ni moto, mimi nisingelala. Shangazi ana haki ya kuuliza.

MzaramoWaKumasi
Mwanaharusi, nimeifikiria sana hiyo ya kanga, na tofauti iko hapo hapo. Jina la kanga limechapwa, haliwezi kuhama. Jina la kente halijaandikwa popote kwenye kitambaa. Linakaa vinywani mwa wafumaji, wauzaji na wavaaji, na linaweza kubadilika kitambaa kikiwa kilekile.

Shangazi hajakosea kuhusu historia. Baada ya mfalme Osei Tutu kufariki, mwanzoni mwa karne ya 18, ukoo wa Oyoko uligombania kiti kabla Opoku Ware hajakikalia, na jina lile refu linakumbusha mgogoro huo. Lakini watu wengi wanasema Oyokoman tu, na wanachokumbuka ni ukoo wa kifalme. Wafalme wenyewe wa ukoo ule ndio wanaoheshimiwa nacho. Mama wa Kumasi akinunua Oyokoman kwa ajili ya mkwe, anasema nawapa cha wakubwa.

Mfano ulio wazi kuliko wote wa jina kuhama ni huu. Kwame Nkrumah alimwoa Fathia Rizk kutoka Misri mwishoni mwa mwaka 1957. Wafumaji wakatoa kitambaa kilichoitwa Fathia fata Nkrumah, yaani Fathia anamfaa Nkrumah. Kilivaliwa kwa fahari. Februari 1966 jeshi likampindua Nkrumah. Mtande uleule, na vizuizi vilevile, kikaanza kuitwa Obaakofo mmu man: mtu mmoja hatawali taifa. Hakuna uzi hata mmoja uliobadilishwa. Mtu aliyekitunza sandukuni tangu sherehe ya harusi, siku ya pili ya mapinduzi amemiliki kitambaa cha kumsuta bwana harusi.

Kwa hiyo swali la kuuliza si umbo hili lina maana gani. Uliza aliyenunua aliambiwa kinaitwaje, na yeye alikichagua kwa nini.

MwanaharusiWaNgambo
Nimekuelewa, ila bado sijaridhika. Kama jina liko mdomoni, basi aliyetoa anaweza kukusuta na kesho akakana. Kanga haimpi nafasi hiyo. Na aliyevaa Obaakofo mmu man mwaka 1966 alijua anachovaa, na waliomwona walijua. Kwa hiyo kitambaa kilisema.

MzaramoWaKumasi
Kilisema, ndiyo. Kwa mwaka ule na kwa watu wale. Sipingi hapo.

Duka_Narungombe
Jamani na mimi nisaidieni. Nauza vitenge Kariakoo na ninavyo vya mchoro wa kente, vinatoka haraka sana msimu wa mahafali na send-off. Wateja wananiuliza maana nami nawajibu ufalme. Je, nawadanganya? Na mteja anatofautishaje cha kuchapwa na cha kufumwa, maana kuna mwenzangu anauza cha kuchapwa kwa bei ya kufumwa.

FundiSalma_Mwembetayari
Hiyo naijua mimi. Geuza nyuma. Cha kuchapwa mara nyingi rangi nyuma imefifia. Halafu tafuta mishono: cha kufumwa kina mshono kila baada ya kiganja, urefu wote wa nguo, na ukivuta kidogo unaona kanda mbili zinaachana. Cha kuchapwa mchoro umeigiza kanda lakini hakuna mshono.

MzaramoWaKumasi
Salma kamaliza. Naongeza mawili. Tazama pale kanda mbili zinapokutana. Kwenye cha kufumwa, vizuizi haviangukiani sawasawa kila mahali, maana kila ukanda umefumwa peke yake kisha ukashonwa, na mkono wa mtu haupigi sawa kila siku. Kwenye kitenge vyote vimenyooka kama rula. La pili, kingo za uru: kama zimeinama laini bila ngazi, hicho hakijapita kwenye kitanda cha kufumia.

Kuhusu ufalme, wateja wako waambie ni mchoro wa kente, basi. Wachoraji wa vitenge huchukua uru za kitambaa kimoja wakaziweka juu ya mistari ya kingine, na mara nyingi mtande wenyewe hauonekani kabisa. Jina la kusoma hapo hakuna. Kitenge kizuri ni kizuri bila hilo.

Ngosha_Mwl
Mzaramo, nina swali la mwisho kabla sijabadilisha notisi zangu. Kuna kente niliyoiona picha, haina sehemu tupu hata kidogo, maumbo kila mahali. Hapo mtande hauonekani. Mfumaji anakiitaje?

MzaramoWaKumasi
Swali zuri sana. Hicho ni adweneasa. Maana yake inaelezwa kuwa mawazo yamekwisha, ufundi umeishia hapa: mfumaji ametumia kila umbo alilolijua hadi hakuna nafasi iliyobaki. Mistari haionekani kwa urahisi, lakini mtande upo, na mzee mzuri atautafuta kwenye ncha za ukanda au katikati ya umbo na umbo kabla ya kukwambia ni adweneasa ya mtande gani. Ni kazi ya muda mrefu na bei yake inasema hivyo. Hapo hata ukimwuliza kila umbo, atakutajia machache na mengine ataruka. Kinachosifiwa ni wingi na kwamba hayajirudii hovyo.

Kente ya baba Binti imejaa maumbo kwenye kingo tu na katikati pana nafasi, kwa hiyo siyo hiyo.

BintiMzizima
Wakuu nimerudi. Nimempigia mama mkwe wa mdogo wangu, shemeji akitafsiri. Nimemuuliza kama Mzaramo alivyosema: uliambiwa kinaitwaje, na kwa nini ulikichagua.

Kasema ni Oyokoman. Hakutaja moto. Kasema marehemu baba yake alikuwa nacho cha namna hiyo, na alitaka mkwe wa kiume wa Dar avae kama baba yake alivyovaa. Ya mama ina maumbo machache kwa sababu kajua mama yetu ni mtu mzima asiyependa makuu, shemeji alimwambia. Nilipouliza uru ina maana gani, kaniambia niulize mfumaji. Kona kona kaisoma palepale bila kufikiri: maisha. Vizuizi kaviita babadua, na kasema ndiyo nguvu ya watu waliofungwa pamoja, kisha akasema sasa na sisi na ninyi.

Shangazi amesikia hayo yote kwa spika, bado anasema moto uko palepale na kwamba mtu haulizwi kama amekusuta akakubali. Baba amesema atavaa.

Nimemwandikia mshereheshaji hivi, naomba mnisahihishe:

"Kitambaa hiki kimefumwa na Waasante wa Ghana kwa kanda nyembamba zilizoshonwa pamoja. Mistari yake mekundu, njano na kijani ndiyo inayokipa jina: Oyokoman, la ukoo wa wafalme wa Kumasi. Baba wa mama mkwe alikuwa nacho cha namna hii. Vizuizi vya rangi vinaitwa babadua, na familia inavisoma kuwa ni nguvu ya waliofungwa pamoja. Mistari ya kona kona ni safari ya maisha. Maumbo mengine ni ya mikono ya mfumaji."

MzaramoWaKumasi
Nisingegusa ila neno moja: mistari yake myekundu, au sema mistari ya rangi nyekundu, njano na kijani. Sentensi ya mwisho iache kama ilivyo.

Na kama mshereheshaji atataka methali ya kumalizia, kuna kente ambayo Ghana iliupa Umoja wa Mataifa, ilitundikwa makao makuu New York, jina lake Tikoro nko agyina: kichwa kimoja hakiendi barazani. Wageni wataitambua mara moja, na watu wa Ilala watajibu kidole kimoja hakivunji chawa. Ila aseme wazi kwamba ni jina la kitambaa kingine. Asilibandike kwenye Oyokoman ya baba.

FundiSalma_Mwembetayari
Na kanda za kingo zikianza kuachia kwenye kujitanda, msiite fundi wa kitenge azishone kwa mashine ya mshono mfupi. Mkono, uzi wa pamba, mshono wa kulegea kidogo. Ukibana, ukanda unajikunja na maumbo yanapinda.

MwanaharusiWaNgambo
Binti, shangazi mwachie apewe kanga siku hiyo, na wewe ndiye umchagulie jina.